Sura ya Nne: Kushika, Kuachia na Kukaa Kikao

Nyumba ya kupanga yenye mita moja ya LUKU haikosi ugomvi. Tuchukue nyumba ya mfano, Dar es Salaam, yenye vyumba vitano na wapangaji watano. Kila mwezi kila chumba kinatoa shilingi 10,000, zinapatikana 50,000, unanunuliwa umeme. Tuseme uniti moja ni shilingi 350. Fedha hizo zinaleta uniti 143 hivi. Chumba cha mbele anakaa Mama Rehema, ambaye ana friza ya kugandishia barafu na juisi za kuuza. Chumba cha uani anakaa Juma, kijana wa bodaboda, mwenye taa moja na chaja ya simu. Kila mwezi, ikifika tarehe 27 hivi, umeme unakata usiku, asubuhi yake watu wanachangishwa upya. Juma amechoka.

Afanye nini? Anaweza kunyamaza, akachanga na kumeza hasira. Anaweza kwenda kwa Mama Rehema na kumwambia, mama, endelea tu, mimi nitatoa. Anaweza kugoma kutoa hata senti mpaka friza izimwe. Anaweza kuomba yeye atoe 7,000 na Mama Rehema atoe 13,000. Au anaweza kuitisha kikao, wapangaji wakae chini wajue hasa umeme unakwenda wapi na kila mmoja anahitaji nini.

Njia hizo tano ndizo ambazo Kenneth Thomas na Ralph Kilmann, wataalamu wawili wa Marekani, waliziweka katika dodoso lao la mwaka 1974. Dodoso hilo, ambalo hadi leo linatumika katika mafunzo ya uongozi, lina jozi 30 za kauli, na katika kila jozi mtu anachagua kauli inayofanana naye zaidi. Msingi wake ni maswali mawili. La kwanza: unashikilia haja yako kwa nguvu kiasi gani? La pili: unaijali haja ya mwenzako kiasi gani? Asiyeshikilia lake wala kujali la mwenzake anaepuka. Anayejali la mwenzake tu anaridhia. Anayeshikilia lake tu anashindana. Anayeshika nusu na kuachia nusu, na mwenzake akafanya vivyo hivyo, hao wanalegezeana. Anayeshika lake lote huku akilichukua la mwenzake kwa uzito uleule anashirikiana naye. Robert Blake na Jane Mouton walikuwa wameshachora mpango unaofanana na huo mwaka 1964, wakiuhusisha na mameneja wa makampuni.

Dodoso hilo lina hatari moja. Mtu akishapata majibu, anajibandika jina: mimi ni mtu wa kuepuka, yule ni mtu wa kushindana. Ni kweli kila mmoja wetu ana njia aliyoizoea tangu utotoni, na akibanwa huikimbilia hiyo. Lakini mazoea si uamuzi. Juma huyohuyo anaweza kushindana na abiria asiyetaka kulipa, akamridhia mama yake mzazi, na akamwepuka mwenye nyumba. Swali lenye faida ni je, jambo hili lililo mbele yangu leo linataka njia gani?

Turudi kwenye mita, maana hapo hesabu inasema. Taa ya wati 10 ikiwaka saa tano kila usiku haimalizi hata uniti mbili kwa mwezi. Ukiongeza simu na redio, Juma hafikishi uniti tano. Friza ikila uniti tatu kwa siku, kwa mwezi ni uniti 90. Vyumba vitatu vilivyobaki, vyenye televisheni, feni na pasi, tuseme kila kimoja kinatumia uniti 21. Jumla ni uniti 158, na zilizonunuliwa ni 143. Ndiyo maana tarehe 27 giza linaingia. Juma analipia karibu uniti 29 na anatumia tano. Mama Rehema analipia 29 vilevile na anatumia 90.

Kabla hesabu hiyo haijafanywa, ugomvi ulikuwa wa tabia: nani mchoyo, nani anajidai, nani anawaonea wenzake. Baada ya hesabu, ugomvi ni wa uniti. Migogoro mingi ya nyumbani na kazini inakwama kwa sababu watu wanachagua njia kabla ya kujua wanagombania nini.

Sasa njia moja moja. Kuepuka, ambako wazee walikuita kufunika kombe mwanaharamu apite, ni njia halali kama Juma anahama mwezi ujao, au kama Mama Rehema yuko katika msiba na wiki hii si wiki ya kumweleza habari za umeme. Inakuwa mbaya pale jambo linapojirudia kila tarehe 27. Ishara ya kuepuka kubaya ni rahisi kuiona: malalamiko yanaanza kupita kwa watu wengine. Juma hasemi na Mama Rehema, anasema na fundi wa pikipiki, na fundi anasema na mpangaji wa chumba cha tatu. Ukiona jambo lako linazungumzwa na kila mtu isipokuwa mhusika, ujue muda wa kuepuka umekwisha.

Kuridhia kunafaa pale jambo ni dogo kwako na kubwa kwa mwenzako, au pale umegundua mwenzako ana haki. Hata hivyo anayeridhia kimoyomoyo hapati kitu, kwa sababu mwenzake hajui kwamba amepewa. Juma akichanga kimya mwaka mzima, Mama Rehema hataona fadhila, ataona utaratibu. Siku Juma atakapokataa, ataonekana yeye ndiye aliyevunja utaratibu. Ukiamua kuachia, sema kwamba umeachia, na useme ni kwa mwezi huu au kwa siku zote.

Kushindana kuna jina baya, na mara nyingi kwa haki, lakini kuna mambo yasiyo na kikao. Mpangaji akichokonoa mita ili umeme upite bila kuhesabiwa, au akavuta waya ulio wazi juu ya bati, hapo hakuna nusu kwa nusu. Waya huo unatolewa leo, kwa nguvu ya mwenye nyumba au ya TANESCO, na atakayekasirika akasirike. Usalama wa watu, sheria na dharura vinaruhusu kushindana. Kiburi hakiruhusu. Kabla ya kuichagua njia hii jiulize pia kama nguvu unazo kweli. Juma akigoma kuchanga, wanaokaa gizani ni wapangaji wote, pamoja na wale watatu ambao wangeweza kumuunga mkono.

Kulegezeana, yaani 7,000 kwa 13,000, ni njia ya haraka na watu wengi huiona ndiyo haki yenyewe. Iangalie kwa hesabu. Juma bado analipia uniti 20 na kutumia tano. Mama Rehema analipia 37 na kutumia 90. Na jumla iliyochangwa ni ileile 50,000, kwa hiyo tarehe 27 umeme unakata kama kawaida. Wamegawana fedha bila kugusa tatizo. Kulegezeana kunafaa pale muda ni mfupi, pande zote zina nguvu zinazokaribiana, na kitu chenyewe kinagawanyika. Kukitumiwa mapema mno, kabla ya watu kusema wanachohitaji, kunafunga mlango wa jawabu lililo bora.

Kushirikiana kunaanza na swali ambalo huku kwetu watu huona aibu kuliuliza waziwazi: mwenzangu, hasa unahitaji nini? Tuseme kikao kimeitishwa, na Mama Rehema anamwambia Juma, "Mwanangu, shida yangu si hela peke yake. Umeme ukikata usiku barafu yote inayeyuka, wateja nawaambia nini asubuhi?" Hapo jambo jipya limetokea mezani. Juma anataka asilipie biashara ya mtu. Mama Rehema anataka umeme usikatike. Hizo ni haja mbili tofauti, na zinaweza kutimizwa pamoja: Mama Rehema awe ndiye mnunuzi wa umeme wa nyumba nzima, ili asisubiri uniti ziishe usiku, na michango ifuate matumizi. Wanakubaliana yeye atoe 28,000, vyumba vitatu vitoe 8,000 kila kimoja, na Juma atoe 4,000. Jumla ni 56,000, ambazo zinatosha uniti 158 na kubakiza chenji. Baadaye wanaweza kuomba mwenye nyumba aruhusu mita ndogo ya kusomea matumizi ya friza, ili makisio yaishe.

Tazama vizuri, hata hapo kulikuwa na sehemu ya kugawana. Kwa matumizi yake Mama Rehema angepaswa kulipa 31,500, na Juma asifikishe hata 2,000. Kushirikiana kumepanua kilichokuwa mezani, kisha kilichobaki kikalegezwa. Wanaofundisha kwamba kushirikiana kunamaliza kila ugomvi bila mtu kutoa kitu wanawadanganya watu. Zaidi ya hayo njia hii ni ghali: inataka muda, inataka watu waseme ukweli kuhusu wanachohitaji, na inataka imani kwamba ukisema ukweli hautageuzwa silaha dhidi yako. Mwenzako akiwa amekuja kushinda tu, ukimfungulia moyo atautumia.

Hayo ni ya uani. Je, njia hizi zinafanya kazi pale watu wanapokufa? Wasomaji wengi wa kitabu hiki wanaukumbuka mgogoro wa Kenya wa mwaka 2008. Ukiuangalia kwa makini, njia zote tano zilitumika ndani yake, kila moja kwa jambo lake.

Kura zilipigwa tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 Mwai Kibaki alitangazwa mshindi na kuapishwa jioni ileile. Hapo pande zote mbili zilikuwa zinashindana. Serikali iliwaambia wanaopinga waende mahakamani. ODM ya Raila Odinga ilisema haina imani na mahakama, ikaita watu waandamane. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Ishara kwamba kushindana kumeshindwa ilikuwa wazi: kila upande ulikuwa na nguvu ya kuuzuia mwingine usitawale kwa amani, na hakuna uliokuwa na nguvu ya kumaliza mchezo.

Kofi Annan aliwasili Nairobi tarehe 22 Januari 2008, akiongoza jopo la Umoja wa Afrika pamoja na Graça Machel na Benjamin Mkapa, rais mstaafu wa Tanzania. Kazi yao iliyozaa matunda zaidi, kwa maoni yangu, ilifanyika mapema kabisa, nayo ilikuwa kuugawa ugomvi. Tarehe 1 Februari wajumbe wa pande mbili walikubaliana juu ya ajenda nne. Ya kwanza ilikuwa kusimamisha ghasia. Ya pili, kuwasaidia waathirika na kuanza upatanisho. Ya tatu, mgogoro wa kisiasa wenyewe. Ya nne, mambo ya muda mrefu: katiba, ardhi, umaskini na kutokuwepo kwa usawa, vijana wasio na kazi, na watu kutenda maovu bila kuadhibiwa. Tatu za kwanza zilipangiwa siku 7 hadi 15. Ya nne ilipewa mwaka mmoja.

Mpango huo ulikuwa tayari umechagua njia. Ghasia na misaada havikuhitaji kubishaniwa sana. Hakuna upande ambao ungeweza kusimama mbele ya kamera ukasema watu waendelee kufa. Makubaliano ya mambo hayo yalipatikana ndani ya siku chache, na yakawapa watu waliochukiana mazoea ya kutia saini karatasi moja.

Swali zito lilikuwa nani alishinda. Wajumbe walijadili kuhesabu kura upya na kurudia uchaguzi. Katikati ya Februari walipelekwa Kilaguni, katika hifadhi ya Tsavo, mbali na waandishi wa habari, na huko wakakubaliana swali hilo wapewe watu wengine, tume huru ya kuchunguza uchaguzi. Huko ni kuepuka, na kulifanywa kwa ustadi. Hawakulizika swali. Waliliondoa mezani, wakalipa anwani na muda. Tume hiyo, chini ya jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini, ilitoa ripoti Septemba 2008 ikisema kwamba matokeo yalikuwa yameharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Lau mazungumzo yangeendelea kung'ang'ania swali hilo mwezi Februari, wangegombania jibu ambalo halikuwepo.

Kilichobaki kilikuwa madaraka, na madaraka yanagawanyika. Wajumbe walipokwama, tarehe 26 Februari Annan aliyasimamisha mazungumzo, akaenda kwa wakubwa wenyewe. Tarehe 28 alikaa na Kibaki na Raila, akiwepo Mkapa na Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Siku hiyohiyo mkataba ulitiwa saini mbele ya jengo la Harambee. Kibaki alibaki rais. Raila alipata uwaziri mkuu, cheo kilichowekwa kwa sheria, ambacho rais hakuweza kukifuta kwa hasira zake. Huko ni kulegezeana, na gharama yake ilionekana haraka: Aprili likatangazwa baraza la mawaziri wapatao 40, kwa sababu njia rahisi ya kugawana viti ni kuongeza viti. Wananchi waliulipia mkataba huo kwa kodi zao. Bado naona ilikuwa njia sahihi kwa jambo lile na kwa wiki ile, maana muda wa kutafuta jawabu bora ulikuwa unahesabiwa kwa maiti.

Katiba ilitaka njia nyingine, na ndiyo sababu iliwekwa katika ajenda ya nne. Kamati ya wataalamu ilianza kazi mwaka 2009 na kukusanya maoni ya wananchi. Hata huko mambo yalikwama. Januari 2010 wabunge walikutana Naivasha kuijadili rasimu, na hapo ODM, iliyokuwa ikitaka serikali yenye waziri mkuu mwenye nguvu, iliachia na kukubali mfumo wa urais. Iliridhia jambo moja kubwa ili rasimu nzima isife, na ndani ya rasimu hiyo ulibaki ugatuzi, ambao kwa wafuasi wake wengi ulikuwa na thamani zaidi ya cheo cha waziri mkuu. Tarehe 4 Agosti 2010 asilimia 67 ya waliopiga kura waliikubali katiba, na kaunti 47 zikazaliwa. Kushirikiana kulichukua zaidi ya mwaka mmoja uliopangwa, lakini kulizaa kitu ambacho hakuna upande ambao ungekipata Februari 2008 kwa kugawana vyeo.

Na kuna jambo lililoharibika. Tume ya jaji Philip Waki ilitoa ripoti Oktoba 2008, ikamkabidhi Annan bahasha ya majina ya watu walioshukiwa kupanga ghasia, na kupendekeza mahakama maalumu iundwe nchini. Februari 2009 bunge liliukataa muswada wa kuiunda. Bahasha ikapelekwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na kufikia 2016 kesi zote za huko kuhusu ghasia zenyewe zilikuwa zimefungwa bila mtu kutiwa hatiani. Huku nako ni kuepuka, kama kule Kilaguni, lakini linganisha. Swali la nani alishinda walipewa watu wenye uwezo wa kulichunguza, na tarehe ya kutoa ripoti. Swali la nani aliua, waliolisukuma mbali ni wale waliokuwa na sababu ya kutotaka lijibiwe. Waliopoteza ndugu zao ndio wanaoubeba mzigo huo, na wao hawakuwemo chumbani njia ilipochaguliwa.

Hicho ndicho kipimo ninachokiweka juu ya vingine vyote. Vitabu vingi vya mafunzo hukufundisha kupima uzito wa jambo, uzito wa uhusiano, muda ulionao na nguvu za kila upande, na vipimo hivyo vyote ni vizuri. Ongeza kimoja: nani atalipa gharama ya njia ninayoichagua? Ukiepuka na gharama ni yako, ni uvumilivu. Ukiepuka na gharama ni ya mtu mwingine, umemuuza. Mkuu wa idara anayenyamaza wakati mfanyakazi wake anadhulumiwa, kwa kuwa yeye hapendi fujo, hajawa mpole. Wakubwa wawili wa familia wanaolegezeana juu ya shamba la marehemu, huyu achukue bonde na huyu achukue mlima, wakati mjane hajaulizwa, wamegawana kisicho chao.

Basi, msomaji, kabla ya kikao chako kijacho, iwe ni cha wapangaji, cha ukoo au cha ofisi, chukua karatasi na uandike mambo yanayogombaniwa, kila moja mstari wake. Karibu kila ugomvi unaoonekana mmoja una matatu au manne ndani yake. Mbele ya kila jambo andika njia, na mbele ya njia andika jina la atakayelipa. Ukikuta umeandika njia moja kwa mistari yote, rudia. Hayo ni mazoea yako yanaandika. Ukikuta jina la mtu ambaye hakualikwa kwenye kikao, mwalike.